Hodi ya Tatu

Kwetu pwani mgeni hupiga hodi mara tatu. Ya kwanza ni ya kujulisha kwamba yupo, ya pili ni ya kumpa mwenye nyumba nafasi ajifunge leso, ya tatu ni ya kuaga. Asipoitikiwa hapo huenda zake bila kinyongo, na hakuna wa kumlaumu. Tulifundishwa hivyo chuoni tungali wadogo. Anayepiga hodi ya nne huwa ameshaanza kuchungulia dirishani.

Mimi ni mhasibu Mombasa, na hodi zangu nyingi nazipiga kwa simu. Wenye maduka ninaowatengenezea hesabu ni watu wema, wakarimu, wasionipitisha mlangoni bila chai. Lakini ikifika miezi ya kujaza ritani, wengine wao huingia ndani na kufunga mlango. Mwongozo huu ni wa hodi ya tatu kwa mteja wa namna hiyo: namna ya kuipiga ikasikika nyumba nzima bila kuvunja mlango.

Nitaueleza kwa mteja mmoja. Ana duka la vifaa vya ujenzi upande wa Changamwe, mzee wa miaka sitini na kitu. Tarehe 6 Mei 2025 nilimwandikia nikiomba tuonane kwa ajili ya hesabu zake za mwaka 2024. Kimya. Tarehe 15 nikamwandikia tena. Kimya. Na wakati huohuo, kila asubuhi nilikuwa naona picha anazobandika WhatsApp: mifuko ya simenti imepangwa mpaka darini, na bei yake chini kwa herufi nyekundu. Kwa hivyo mzee ni mzima, simu yake ina chaji na bando, na mji mzima unajua anauza simenti kwa bei gani isipokuwa mimi ninayetaka kujua aliinunua kwa bei gani.

Hapo ndipo kidole huanza kuwasha. Weka simu chini. Jambo la kwanza katika kuandika ujumbe wa tatu ni kuusoma ule wa kwanza na ule wa pili, kwa jicho la aliyeletewa.

Wangu wa kwanza ulisema hivi: "Shikamoo Mzee. Naomba tuonane ukipata nafasi, kuhusu hesabu za mwaka." Ni ujumbe wa adabu, na haujibiki. Mwenye duka la ujenzi hapati nafasi. Nafasi hupangwa, na mimi sikuipanga. Nilimwachia yeye kazi ya kutafuta siku, kutafuta saa, na kukisia tutakaa muda gani. Kisha "hesabu za mwaka" ni mzigo usio na mpini. Ashike wapi? Wa pili ulikuwa mbaya zaidi: "Mzee, nakumbushia ule ujumbe wangu." Nilikuwa namkumbusha ujumbe, si kazi. Sasa ana madeni mawili, la hesabu na la kunijibu, na mtu mwenye deni hupita njia ya nyuma.

Nimefanya zoezi hili kwa wateja wengi, na karibu kila mara nakuta kwamba jumbe mbili za mwanzo hazikuwa na tarehe ndani yake. Ukikuta hivyo, jua kwamba hujamwomba kitu bado. Umemsalimia mara mbili.

Jambo la pili ni kujua kimya hiki ni cha aina gani, maana kila kimya kina dawa yake. Tazama alama za WhatsApp kwa utulivu, bila kujitia wivu. Tiki moja ya kijivu ni kwamba ujumbe umetoka kwako lakini haujafika kwenye simu yake; huenda simu imezimwa, au amebadilisha laini. Tiki mbili za kijivu, umefika. Zikigeuka buluu, umefunguliwa. Lakini mtu anaweza kuzuia buluu isionekane, kwa hivyo kijivu mbili si ushahidi kwamba hajasoma. Ukitaka kuhakikisha, ujumbe wa sauti hauna maficho hayo: akiusikiliza, alama ya kipaza sauti hugeuka buluu hata kama amezuia zile tiki.

Lakini hata buluu haikuambii ni macho ya nani yaliyosoma. Kwenye maduka mengi simu ya mwenye duka ndiyo simu ya duka, na hukaa kaunta. Kijana wa kaunta hufungua jumbe akitafuta oda za mabati, akikuta maneno ya hesabu huyapita, na jioni hakuna anayemkumbuka mhasibu. Nilimpigia yule kijana, ambaye ni mwanawe, na sikumwuliza baba mbona hajibu. Nilimwuliza tu: "Ujumbe wangu kuhusu hesabu, Baba aliuona?" Akasita kidogo, akasema, "Aliuona. Alisema karatasi hazijakaa sawa."

Sentensi ile ilinipa kila kitu. Kimya hiki hakikuwa cha dharau, kilikuwa cha haya. Na niliijua sababu yake bila kuambiwa, kwa kuwa mwaka wa 2024 ulikuwa mwaka wa aina yake kwa wafanyabiashara wa Kenya. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024 matumizi ya biashara hayakubaliwi kupunguzwa kwenye faida ila yawe na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa kutoa ankara kwa mtandao, isipokuwa machache yaliyosamehewa kisheria. Simenti na mabati huja na ankara zao, kwa kuwa wanaouza ni makampuni. Lakini mchanga na kokoto huletwa na mwenye lori, analipwa kwa M-Pesa au mkononi, anapinda kona na kupotea. Mzee anaijua sheria, na anajua ana malori kadhaa yasiyo na karatasi. Kila akifungua ujumbe wangu anaona malori yale.

Ukishajua kwamba mtu anaona haya, ukali wote unaokujia kichwani unakuwa hauna kazi. Kumkemea mwenye haya ni kumsukuma ndani zaidi. Kumbembeleza nako hakusaidii, maana anasikia kwamba mambo bado yana muda. Anachohitaji ni mlango uliofunguliwa kiasi cha kupita, na saa ya kufungwa kwake.

Saa hiyo huipati kwa hasira yako. Huipata kwa kuhesabu kurudi nyuma, na hili ndilo jambo la tatu. Tarehe ambayo kila mtu anaijua ni 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya mapato ya mwaka uliopita kwa mtu binafsi. Ukimwandikia mteja tarehe hiyo mwezi Mei, anaona ana mwezi mzima wa kupumua. Lakini mimi siwezi kufanya kazi na 30 Juni. Siku za mwisho mtandao wa iTax huelemewa, watu wamejazana saiba, na ukurasa unazunguka tu. Kwa hivyo kwangu ritani iwe imeingia kufikia Jumatatu tarehe 23. Kabla ya hapo mzee asome hesabu na kuzitia sahihi, na yeye husoma polepole, jambo ninalomheshimia; nampa siku nne, tunafika tarehe 19. Mimi nahitaji siku tano za kazi kuoanisha taarifa za M-Pesa, za benki na hesabu ya mali iliyokuwa dukani Desemba 31. Tunafika tarehe 12. Na kutafuta ankara zilizopotea kwa wauzaji huchukua wiki na zaidi, maana wenye malori nao hawajibu simu. Tunafika tarehe 3 Juni, siku ya Jumanne.

Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kweli. Si 30 Juni. Na uzuri wake ni kwamba haitoki kwangu, inatoka kwenye kazi. Nikimwandikia "tarehe 3 Juni" naweza kumwonyesha hatua kwa hatua ilikotoka, na hakuna anayeweza kusema mhasibu ana haraka zake. Ujumbe wa tatu usio na tarehe ya namna hii hauwezi kuwa thabiti hata ukiandikwa kwa herufi kubwa zote. Utakuwa mkali tu, na ukali hauna kalenda.

Angalia kalenda yenyewe pia. Mwaka ule Madaraka, tarehe 1 Juni, iliangukia Jumapili, kwa hivyo Jumatatu ya tarehe 2 ikawa siku ya mapumziko. Mwanzoni mwa Juni palikuwa na Idi Kuu. Ukimpa mteja Mwislamu miadi ya Ijumaa saa saba mchana, umemwambia kwamba hukumfikiria, na atakuwa na haki ya kukunyamazia. Duka la ujenzi nalo lina saa zake: kuanzia saa tatu asubuhi mafundi wamejaa kaunta wakitaka misumari na rangi, na mchana malori yanashusha. Pumzi hupatikana mara mbili, duka linapofunguliwa na baada ya alasiri.

Sasa andika. Huu ndio ujumbe niliompelekea Jumatatu tarehe 26 Mei:

"Salaam aleikum Mzee. Natumai nyumbani mu salama na kazi inakwenda vyema.

Nakuandikia kuhusu hesabu za duka za mwaka 2024. Ritani inatakiwa kuingia KRA isizidi tarehe 30 Juni, na kazi yake kwangu huchukua wiki tatu. Kwa hivyo inatupasa tukae pamoja, kwa muda wa saa mbili tu, si baada ya Jumanne tarehe 3 Juni.

Nimekuwekea nafasi mbili, zote hapohapo dukani:

1. Alhamisi tarehe 29 Mei, saa kumi na nusu jioni.
2. Jumanne tarehe 3 Juni, saa mbili asubuhi.

Nijibu kwa namba tu, 1 au 2.

Usihangaike kupanga karatasi. Zilizopo nitazipokea zilivyo, na zisizopatikana tutatazama pamoja la kufanya.

Nafasi hizi nakushikia mpaka Jumatano tarehe 28 Mei, saa kumi na mbili jioni. Nisipopata neno lako kufikia hapo nitawapa wengine, na sitaweza tena kukuahidi kwamba ritani itaingia kwa wakati. Ikichelewa, faini ni asilimia 5 ya kodi au shilingi 2,000, ile iliyo kubwa, na itakuwa juu ya duka. Na kama umeona kazi hii umpe mtu mwingine, niambie bila wasiwasi. Karatasi zako zote zilizo kwangu nitamkabidhi.

Mwanao, mhasibu wako."

Tuupitie, kwa kuwa kila mstari umewekwa kwa sababu.

Salamu ni mstari mmoja, na iko kwenye wingi: "nyumbani mu salama". Huo si urembo. Mzee anasalimiwa pamoja na watu wake, na hapo anajua kwamba anayeandika ni mtu wa nyumbani. Lakini salamu isivuke mstari mmoja. Nimeona watu wakiogopa jambo wanalokwenda kulisema, wakazunguka na salamu, hali ya hewa, mvua za mwaka huu na afya ya wajukuu, na mteja akafika mwisho wa ujumbe bila kujua ameombwa nini.

Hakuna popote niliposema huu ni ujumbe wa tatu. Yeye anajua kuhesabu. Ukiandika "hii ni mara ya tatu nakuandikia," umemfungulia mashtaka, na mshtakiwa huandaa utetezi, haandai miadi. Tarehe za jumbe zako za nyuma zihifadhi kwenye faili lako, maana ritani ikichelewa na maneno yakazuka, utataka kuonyesha kwamba ulimtafuta tarehe 6, 15 na 26 Mei. Kwenye faili zina kazi. Kwenye ujumbe zinauma tu.

Lugha yetu hapa inasaidia sana kwa anayeitumia. "Hukunijibu" ina kidole kinachomnyooshea mtu. "Nisipopata neno lako" ina jambo lilelile, lakini aliyepungukiwa ni mimi, yeye hajaguswa. "Inatupasa tukae" inatuweka upande mmoja wa meza. Na tazama mahali ambapo sikulainisha: "nitawapa wengine", "sitaweza tena kukuahidi". Hakuna labda, hakuna pengine, hakuna samahani kwa usumbufu. Kuomba radhi kwa kumkumbusha mtu kazi aliyokupa mwenyewe kunamwambia kwamba hata wewe huna hakika. Weka adabu kwenye salamu na kwenye kumfikiria. Kwenye tarehe weka tarehe.

Nafasi ni mbili. Ukitoa moja, anaweza kuikataa na mazungumzo yakaisha. Ukitoa tano, umemrudishia ile kazi ya kupanga. Mbili zinamfanya achague, na namba 1 au 2 inambidi abonyeze mara moja tu. Mzee anayeona haya hataki kuanza kuandika "samahani binti yangu nilikuwa nimebanwa"; sentensi hiyo pekee imechelewesha ritani nyingi kuliko iTax. Namba haiombi maelezo.

Kisha ule mstari wa karatasi. Huo ndio ujumbe wenyewe, mengine yote ni fremu. Nisingemjua mwanawe nisingeuandika, kwa hivyo nasisitiza: tafuta kinachomfunga mtu kabla hujakunja kamba yako. Mwingine atakuwa na haya ya ada yako ya mwaka jana ambayo hajailipa, na kwake mstari huo utasema tukutane kwanza, ya ada tutayapanga siku nyingine. Mwingine ameshapata mhasibu mwingine na anaona vibaya kukwambia, na kwake ule mstari wa mwisho ndio ufunguo. Usiahidi lakini usichoweza. Sikumwambia mzee kwamba malori yasiyo na ankara yatakubaliwa, kwa kuwa hayakubaliwi. Nilimwambia tutatazama pamoja.

Faini nimeitaja mara moja, kama ilivyo, bila kuitia chumvi. Ilitosha. Kodi ya kwenye ritani ikiwa shilingi 160,000, asilimia 5 ni 8,000. Si kiasi cha kumfilisi mwenye duka la ujenzi, na anajua. Kuna jambo zito zaidi nililoliacha kwa makusudi: kodi iliyobaki ya mwaka ule ilitakiwa kulipwa kufikia 30 Aprili, kwa hivyo riba ya asilimia 1 kwa mwezi ilikuwa imeshaanza kutembea. Hilo nililihifadhi kwa siku ya kuonana. Ujumbe ukibeba vitisho viwili, msomaji huhesabu vitisho na kusahau tarehe.

Na mwisho, yatakayotokea akinyamaza. Hapa watu wengi hukosea kwa upande wa pili, wanaahidi jambo wasiloweza kulitenda. Usiandike "ukinyamaza nitakuja dukani hivyo hivyo," maana hiyo ndiyo hodi ya nne. Usiandike kwamba utajaza ritani kwa makadirio yako. Hesabu ni zake na tamko ni lake. Na kuna jambo moja ninalolisema kila mwaka kwa uchungu: usikubali kamwe, mteja akikujia dakika za mwisho, kumjazia ritani ya sifuri "kwa sasa" ati mtarekebisha baadaye. Duka limeuza mwaka mzima, M-Pesa imeandika, ankara zake mwenyewe za mauzo zimeandika, na wewe unatangaza kwamba hakuuza hata msumari. Huo si ucheleweshaji tena, ni uongo wenye jina lako. Kinachobaki mikononi mwako kweli ni kidogo: muda wako. Sema utaufanya nini, kisha ufanye hivyo hivyo.

Niliupeleka saa kumi na moja jioni, kama maandishi ya kawaida, si faili la kupakua. Kesho yake nikampa kijana wa ofisini nakala iliyochapwa, ndani ya bahasha yenye jina la mzee, aifikishe mkononi mwake. Karatasi kwenye meza ina uzito ambao ujumbe kati ya picha mia za simenti hauna, na haisomwi na mtu wa kaunta.

Baada ya hapo, nyamaza. Hapa ndipo ujumbe mzuri huharibika. Buluu zilitokea baada ya dakika kumi. Jumanne ikapita. Usiongeze alama ya kuuliza peke yake chini ya ujumbe wako, usitume ua la waridi la asubuhi njema, usipitepite kwenye picha zake ukaacha maoni kuhusu simenti. Umempa mpaka Jumatano saa kumi na mbili jioni. Saa hizo ni zake.

Si kila mlango hufunguliwa. Mwaka huohuo nilimpelekea mteja mwingine, mwenye biashara ya usafiri, ujumbe wa tatu wa sampuli hii, na saa iliyotajwa ikapita bila neno. Nilifanya nilichosema. Nafasi zake nikawapa wengine, nikamwandikia mstari mmoja: "Nafasi zile zimekwenda, karatasi zako ziko salama ofisini, ukizihitaji zitakabidhiwa siku yoyote ya kazi." Usiku wa tarehe 29 Juni alinipigia, anataka ritani kesho, na wazo la sifuri akaja nalo mwenyewe. Nilimwambia kwa sauti ileile niliyoandikia kwamba kesho haiwezekani, na kwamba nafasi ya karibu ni tarehe 8 Julai. Alikasirika. Tarehe 8 Julai alikuja, ritani ikaingia kwa kuchelewa, faini akailipa, na tungali tunafanya kazi pamoja. Ningemkubalia usiku ule, tarehe zangu zote za miaka ijayo zingekuwa mapambo.

Tukirudi kwa mzee: Jumatano saa tano asubuhi simu ililia. Ujumbe ulikuwa na tarakimu moja, 2.

Tarehe 3 Juni saa mbili asubuhi nilikuta meza imefutwa, chai ya tangawizi imeshamiminwa, na katoni ya biskuti imejaa karatasi mpaka kifuniko hakifungi. Juu kabisa, peke yake, palikuwa na kijidaftari cha shule. Humo aliandika kwa mkono malori ya mchanga na kokoto ya mwaka mzima, tarehe, kiasi na namba ya gari. Yalikuwa 11 yasiyo na ankara. Kwa namba zile za magari tuliwapata wenye malori wanne waliokuwa wamesajiliwa na wakatoa ankara zao. Saba hatukuwapata, na gharama yake ikabaki nje, faida ikapanda, kodi ikapanda nayo. Nikamweleza na ile riba iliyokuwa ikitembea tangu Aprili. Alisikiliza, akauliza jumla ni ngapi, akalipa. Ritani iliingia Jumanne tarehe 24, siku moja baada ya niliyoitaka, kwa kuwa alizisoma hesabu mara mbili.

Siku ile ya tarehe 3, tulipokuwa tukifunga katoni, aliniambia jambo nililoliandika siku hiyohiyo kwenye faili lake. "Ungeniambia mapema kwamba unazichukua karatasi zilivyo," alisema, "ningekujibu ule ujumbe wa kwanza."

Januari iliyofuata nilimwandikia. Ujumbe ulikuwa na tarehe mbili, na chini yake ule mstari wa karatasi. Jibu lilifika kabla ya adhuhuri: 1.